Barafu inayoelea, sindano inayoelea: mambo mawili tofauti

*"Mwalimu, habari za kazi. Nafundisha sayansi Senio 3 katika shule moja hapa Kasese. Juzi tulikuwa kwenye sifa za maji. Mwanafunzi mmoja akalaza sindano juu ya maji kwenye beseni, ikaelea, akasema, 'Kumbe sindano nayo ni nyepesi kuliko maji, kama barafu.' Mwenzake akasema barafu inaelea kwa sababu ina hewa ndani. Wa tatu akauliza kama maji ni kiyeyushi cha ulimwengu, mbona hayajayeyusha beseni? Kila swali nililijibu kivyake na nikaona hawakuridhika. Nianzie wapi?"*

Habari ni njema, mwalimu mwenzangu. Anzia kwenye molekuli moja ya maji, kisha yote matatu utayatoa hapo. Wanafunzi hawakuridhika kwa sababu walipewa majibu matatu kwa jambo ambalo chanzo chake ni kimoja.

Chora ubaoni atomi moja ya oksijeni na atomi mbili za haidrojeni, H₂O, lakini usizipange kwenye mstari ulionyooka. Zimepinda, na pembe kati ya haidrojeni mbili ni kama nyuzi 104.5. Kupinda huku ndiko kunakoleta habari yote. Oksijeni huvuta elektroni kwa nguvu kuliko haidrojeni, kwa hiyo upande wake unabaki na chaji hasi kidogo, na upande wa haidrojeni unabaki na chaji chanya kidogo. Molekuli ingekuwa imenyooka, mivuto hiyo ingefutana. Kwa kuwa imepinda, kila molekuli ina upande hasi na upande chanya, na haidrojeni ya molekuli hii inavutwa na oksijeni ya molekuli jirani. Mvuto huo ndio tunaouita kifungo cha haidrojeni.

Hapa wanafunzi hukosea mapema, nawe uwarekebishe mapema. Kifungo cha haidrojeni si kile kinachoshika haidrojeni na oksijeni ndani ya molekuli moja. Hicho cha ndani ni imara mara ishirini na zaidi. Kifungo cha haidrojeni kiko baina ya molekuli na molekuli, na ni dhaifu. Katika maji ya kawaida kinakatika na kufungika tena ndani ya muda unaokaribia sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Barafu ikiyeyuka au maji yakichemka, vinavyokatika ni hivi vya nje. Molekuli yenyewe inabaki H₂O ile ile.

Sasa twende kwenye barafu, na nitakaa hapo kidogo, maana ndipo fikra potofu zilipojazana.

Katika maji, molekuli zinasukumana na kuteleza. Kila moja imeshikana na jirani watatu au wanne kwa wakati wowote, lakini jirani hao wanabadilika kila mara, na nyingine hujipenyeza katikati. Joto linaposhuka, mwendo unapungua, na ifikapo nyuzi 0 za Selisiasi vifungo vinaacha kukatika ovyo. Kila molekuli inashikana na jirani wanne, katika pembe maalumu, na kukaa hapo. Pembe hizo haziruhusu kubanana. Zinajenga umbo la pande sita lenye nafasi tupu katikati. Waambie wafikirie wanafunzi wanaosukumana mlangoni mwa bwalo kengele ikilia, halafu wale wale wakiwa kwenye gwaride, kila mmoja amenyoosha mikono kuwagusa wenzake. Idadi ni ile ile, lakini kwenye gwaride wanahitaji uwanja mkubwa zaidi.

Basi maji yakiganda yanatanuka kwa takriban asilimia 9. Sentimita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa gramu 1, na ya barafu ina gramu 0.917. Chukua kipande cha barafu cha gramu 20 na upige hesabu pamoja na darasa. Ujazo wake ni 20 kugawanya kwa 0.917, yaani kama sentimita za ujazo 21.8. Ili kielee kinahitaji kusukuma pembeni maji yenye uzito sawa na wake, gramu 20, na maji hayo yanachukua sentimita za ujazo 20. Kwa hiyo sehemu ya 20 inazama na ya 1.8 inachomoza juu. Ndiyo maana barafu kwenye glasi haikai juu ya maji kama boya. Karibu yote iko chini ya uso, na kinachoonekana juu ni kipande chembamba tu.

Kutanuka kwenyewe wanaweza kukuona bila mizani. Mwaga maji kwenye chupa ya plastiki yenye kuta zilizonyooka hadi urefu wa sentimita 10, weka alama kwa kalamu ya wino usiofutika, kisha iache wima kwenye friza usiku kucha bila kuifunga. Asubuhi barafu itakuwa imefika karibu sentimita 11, ikiwa na kinundu katikati. Usitumie chupa ya kioo hata kidogo, hasa iliyojazwa na kufungwa. Barafu ikikosa pa kwenda inavunja kioo, na vipande hukwama ndani ya barafu bila kuonekana. Jambo hilo hilo linapasua mawe huko juu Rwenzori. Maji yanaingia kwenye nyufa mchana, yanaganda usiku, yanatanuka, na ufa unapanuka.

Kuhusu hewa, mwanafunzi wako hakubuni. Ameona ule weupe katikati ya barafu, na kweli hayo ni mapovu ya hewa iliyokuwemo majini ikasukumwa pembeni wakati maji yanaganda. Mapovu yanaongeza wepesi kidogo, lakini si chanzo. Mpe kazi ya kujithibitishia. Achemshe maji vizuri ili hewa itoke, ayaache yapoe yakiwa yamefunikwa, ayagandishe, kisha atafute kipande kilicho wazi kabisa kisicho na povu. Kitaelea. Akisaga barafu yenye mapovu hadi iwe chembe, hewa itatoka, na chembe zitaelea vile vile.

Halafu umuonyeshe kwamba maji ndiyo yenye tabia ya ajabu, wala si desturi ya vitu vigumu kuelea juu ya vimiminika vyake. Yeyusha nta ya mshumaa kwenye kopo dogo lililowekwa ndani ya maji moto, kisha tumbukiza kipande cha nta ngumu. Kinazama moja kwa moja. Vitu vingi viko hivyo, kwa sababu vikiganda vinabanana. Maji nayo yanabanana kadiri yanavyopoa, lakini hadi nyuzi 4 tu. Chini ya hapo yanaanza kutanuka, kwa kuwa umbo lile la pande sita linaanza kujijenga vipande vipande hata kabla ya kuganda. Hapa kwetu hakuna ziwa kubwa linaloganda, lakini katika nchi za baridi maji ya nyuzi 4, yakiwa ndiyo mazito zaidi, yanashuka chini, na barafu inatanda juu kama kifuniko. Samaki wanaishi chini yake hadi baridi ipite.

Swali la beseni ni zuri kuliko linavyosikika. Jina "kiyeyushi cha ulimwengu" linatia chumvi. Maana yake ya haki ni kwamba maji yanayeyusha vitu vya aina nyingi kuliko karibu kimiminika kingine chochote tunachokijua. Hayayeyushi kila kitu, na kama kungekuwa na kimiminika kinachoyeyusha kila kitu, kusingekuwa na chombo cha kukiwekea. Mwambie mwanafunzi huyo hoja yake ni sahihi, kisha umuonyeshe mpaka uko wapi.

Nyinyi mko jirani na Katwe, lile ziwa la chumvi, kwa hiyo tumieni chumvi. Punje ya chumvi, NaCl, ni ayoni za sodiamu zenye chaji chanya na ayoni za kloridi zenye chaji hasi, zimeshikana kwa nguvu. Ukiitia majini, molekuli za maji zinaizunguka. Zinageuza upande wa oksijeni kuelekea sodiamu na upande wa haidrojeni kuelekea kloridi. Ayoni moja ya pembeni inavutwa na maji kadhaa kwa pamoja, inang'oka, na mara moja inazungukwa pande zote. Ikishazungukwa, haivutwi tena na mwenzake kama mwanzo, kwa sababu ndani ya maji mvuto kati ya chaji mbili hushuka hadi karibu sehemu moja ya themanini ya vile ungekuwa mahali patupu. Hivyo ndivyo chumvi inavyopotea machoni ilhali ulimi unaiona. Sukari haina ayoni, lakini molekuli yake ina sehemu nyingi za oksijeni na haidrojeni ambazo maji yanaweza kufungana nazo, ndiyo maana nayo inayeyuka.

Plastiki ya beseni haina hayo. Imejengwa kwa minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni isiyo na upande hasi wala chanya wa maana, na maji hayana pa kushika. Mafuta ya simsim ni vivyo hivyo. Wanafunzi wengi, na hata baadhi yetu walimu, husema maji na mafuta yanachukiana. La. Molekuli za maji zinavutana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu kiasi kwamba haziachani ili kuipisha molekuli ya mafuta, nayo inabaki nje. Mawe ya chokaa ni jambo la tatu. Yana ayoni, lakini zimeshikana kwa nguvu mno hivi kwamba maji safi yanang'oa chache sana.

Hata kwa kinachoyeyuka kuna kikomo, na darasa lako linaweza kukifikia. Kwenye joto la kawaida, maji ya gramu 100 yanapokea chumvi gramu 36 hivi. Wapime maji kwa silinda, waongeze kidogo kidogo chumvi waliyoipima kwa mizani huku wakikoroga, na waandike ni wakati gani punje zinaanza kubaki chini. Ziwa Katwe limefika huko lenyewe. Maji yanaingia yakiwa yamebeba madini kutoka kwenye miamba, hakuna mto unaotoka, jua linakausha maji na madini yanabaki. Kiangazi, kwenye vile vidimbwi ambavyo wavunaji wamevizungushia kingo, maji yanapungua kuliko yanavyohitajika kushikilia chumvi yote, na punje zinaanza kujitokeza. Mvua ikija zinayeyuka tena na mavuno yanaharibika. Wakumbushe tu kwamba chumvi ya Katwe si NaCl peke yake. Imechanganyika na kabonati na salfeti, kwa hiyo wakipima kwa chumvi ya Katwe wasishangae namba zao zikitofautiana na 36.

Kabla hujaondoka kwenye kuyeyusha, kuna jambo linalounganisha chumvi na barafu, na wanafunzi wako wanalijua bila kujua kwamba wanalijua. Wanunulie juisi iliyogandishwa kwenye kavera. Waitoboe pembeni na kufyonza. Mafyonzo ya kwanza ni matamu sana na yenye rangi, na mwishoni wanabaki na barafu nyeupe isiyo na ladha. Sababu ni lile umbo la pande sita. Halina nafasi ya sukari, rangi wala ayoni. Maji yanapoganda yanavisukuma nje, vinajikusanya kwenye kile kimiminika kidogo kilichobaki kati ya vipande vya barafu, na hicho ndicho kinachotangulia mdomoni. Maji yanayoyeyusha vitu vingi hivyo, yakigeuka barafu hayayeyushi karibu chochote.

Sasa sindano. Hapa usikubali neno "nyepesi" hata kidogo. Chuma cha pua kina densiti inayokaribia gramu 7.8 kwa kila sentimita ya ujazo, karibu mara nane ya maji, na sindano haiwezi kuelea kwa njia ya barafu. Inashikiliwa na kitu kingine.

Molekuli iliyo katikati ya maji inavutwa na jirani pande zote, kwa hiyo mivuto inasawazishana. Iliyo juu kabisa haina jirani wa maji juu yake. Inavutwa pembeni na chini tu. Uso wote unajikaza ili uwe mdogo kadiri inavyowezekana, na ndiyo sababu tone linajiviringa. Hakuna ngozi pale juu, yaani hakuna tabaka la kitu kingine. Ni molekuli zile zile za maji, na inayokuwa juu sasa hivi inaweza kuwa chini muda mfupi ujao. Ukiwaambia kuna "ngozi" bila maelezo hayo, wataamini kuna utando unaoweza kubanduliwa.

Nguvu ya kujikaza huku, inayoitwa mvutano wa uso, inapimika. Kwenye nyuzi 25 ni nyutoni 0.072 kwa kila mita ya ukingo, kubwa kuliko ya vimiminika vingi vya kawaida, na sababu ni vifungo vya haidrojeni. Chukua sindano ya kushonea yenye urefu wa sentimita 4 na unene wa milimita 0.7. Uzito wake ni kama gramu 0.12, ambao unavutwa chini kwa nyutoni 0.0012. Maji yanaishika kwenye kingo zake mbili ndefu, kwa hiyo nguvu kubwa kabisa inayoweza kuibeba ni 2 mara 0.072 mara 0.04, yaani nyutoni 0.0058. Inatosha karibu mara tano. Rudia hesabu kwa msumari wa inchi 3 wenye unene wa milimita 3.5. Una uzito wa takriban gramu 5.7 na unahitaji nyutoni 0.056, lakini uso unaweza kutoa 0.011 tu. Msumari unazama kila mara, hata ukilazwa kwa upole wa namna gani. Barafu haijali ukubwa. Iwe punje au jabali, inaelea.

Ili sindano ilale vizuri, iwe kavu na ipitishwe kwanza kwenye nywele au paji la uso ipate mafuta kidogo. Iweke juu ya kipande kidogo cha karatasi ya chooni kinachoelea, kisha usukume karatasi chini taratibu kwa ncha ya kalamu. Inama utazame usawa wa maji dhidi ya mwanga. Utaona uso umebonyea chini ya sindano, na sindano imelala kwenye bonde hilo bila kulowa. Ikishindikana mara kwa mara, lawama ya kwanza ni beseni. Lililooshwa kwa sabuni na kutosuuzwa vizuri haliwezi kubeba kitu.

Hapo ndipo pa kutenganishia mambo mawili ambayo mwanafunzi wako ameyachanganya. Katika beseni moja weka sindano inayoelea na kipande cha barafu, mbali kidogo kisigonge sindano. Waulize kwanza wanadhani nini kitatokea, kila mmoja aandike. Kisha gusa maji pembeni kwa kijiti kilichochovywa kwenye sabuni ya maji. Sindano inazama papo hapo. Barafu inabaki pale pale. Molekuli za sabuni zina upande unaopenda maji na mkia unaofanana na mafuta, zinajipanga juu, na mvutano wa uso unashuka hadi karibu theluthi ya ule wa mwanzo. Densiti ya maji haijabadilika, na barafu inategemea densiti.

Mwanafunzi makini anaweza kukushika hapa. Theluthi ya 0.0058 ni kama 0.0019, bado kubwa kuliko 0.0012, sasa mbona imezama? Hoja yake ni ya kweli. Ile 0.0058 ni nguvu ya juu kabisa, nayo inapatikana pale maji yanapokataa kulowesha chuma. Sabuni inafanya mambo mawili kwa pamoja. Inapunguza mvutano, na inayawezesha maji kutambaa juu ya sindano. Sindano ikishalowa, ukingo wa kuibeba haupo tena.

Rudia na beseni safi, safari hii ukinyunyiza chumvi nyingi badala ya sabuni, polepole na mbali na sindano. Sindano haizami, kwa kuwa chumvi inaongeza mvutano wa uso kidogo. Barafu ndiyo inayoonyesha tofauti. Inachomoza zaidi, maana maji ya chumvi ni mazito. Kwenye maji yaliyoshiba chumvi, ambayo densiti yake ni kama 1.2, sehemu inayozama ni asilimia 76 hivi badala ya 92. Tumia barafu kubwa na ufanye haraka, kwani maji ya barafu inayoyeyuka yanapunguza uchumvi juu na kuharibu kipimo.

Kazi nyingi kati ya hizi zinafanyika darasani kwa beseni, lakini ile ya nta nakushauri uifanye wewe mwenyewe au kwa msaada wa fundi wa maabara, kwa maji moto na si kwa moto wa wazi. Na kama shule haina friza wala mizani ya kupima sehemu za gramu, omba nafasi kwenye maabara ya shule jirani kwa kipindi kimoja. Nenda na sindano zako na chupa yenye alama ya sentimita 10, na kama inawezekana muombe mwalimu wa kemia wa pale akae nawe mnapofanya ile ya chumvi, kwa kuwa hapo namba hukosewa kirahisi. Kosa la kawaida ni kupima chumvi kwa kijiko badala ya mizani, na jingine ni kusoma silinda kwenye kingo za maji badala ya kwenye bonde la katikati. Maji yanapanda kwenye kioo pembeni kwa sababu yanavutwa na kioo kama yanavyovutana yenyewe, na usomaji sahihi ni wa chini, jicho likiwa usawa mmoja na maji.